Sura ya 4: Jani Limeliwa, Limechimbwa au Limefyonzwa?

Mvua kubwa za masika zikishaisha na mpunga ukishavunwa, mabonde ya Kyela hubadilika sura. Kandokando ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo, na kwenye ardhi yenye unyevu kuelekea ufukwe wa Ziwa Nyasa, matuta ya chainizi, mchicha, bamia na nyanya huanza kuonekana pale palipokuwa na majaruba. Hapo ndipo swali moja hurudi mwaka hadi mwaka, likipelekwa kwa bwana shamba, kwa jirani, na mara nyingi zaidi kwa muuzaji wa duka la pembejeo: "Kuna mdudu anakula mboga zangu. Nipige dawa gani?"

Swali hilo lina neno moja linalopoteza watu. Neno lenyewe ni "anakula". Tunasema jani limeliwa hata pale ambapo hakuna kipande chochote kilichopotea, na muuzaji, ambaye hajaliona hilo jani, hutoa dawa aliyoizoea. Mkulima huenda akanunua dawa ya viwavi kumbe tatizo lake ni utitiri, au akapulizia juu ya jani kumbe anayemtafuta amelala ndani ya jani hilohilo, amefunikwa juu na chini.

Sura hii inahusu kulisoma jani kabla ya kutaja dawa. Huhitaji kumwona mdudu ili uanze. Wengi wao hufanya kazi usiku, au ni wadogo mno kwa macho yetu, au wameshaondoka. Ila jani hubaki na alama ya mdomo uliopita hapo, na milango ya kuisoma alama hiyo ni mitatu tu.

Jani ni kama mto wa kulalia

Chukua jani la chainizi uliinue kuelekea jua. Ukiwa na subira utaweza kulichana kwa ukucha na kuona lina ngozi ya juu, ngozi ya chini, na katikati nyama laini ya kijani. Lifikirie kama mto wa kulalia: foronya pande mbili, sufi ndani. Kwenye nyama hiyo ya kijani ndiko mmea hutengeneza chakula chake, na mishipa unayoiona ndiyo mifereji ya maji na utomvu.

Mdudu mwenye meno huukata mto wote, foronya na sufi pamoja, hata ukaona upande wa pili. Huyo ni mtafunaji. Mwingine huingia ndani akala sufi akaiacha foronya, na huyo ni mchimbaji. Wa tatu hana meno kabisa. Ana mrija mwembamba kama sindano, anauchoma kwenye jani na kunyonya maji yake. Huyu ni mfyonzaji.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa na jani mkononi ni hili: nini hakipo? Kama kipande kizima hakipo, limetafunwa. Kama ngozi zipo lakini katikati hamna kitu, limechimbwa. Kama kila kitu kipo ila rangi au umbo vimeharibika, shuku ufyonzaji.

Waliotafuna: angalia ukingo wa tundu

Hawa ndio rahisi, kwa hiyo sitakaa nao sana. Panzi huanzia ukingoni mwa jani na kuacha pengo kubwa lenye meno-meno. Viwavi wakubwa hutoboa katikati, na chini ya tundu utakuta kinyesi chao, vipunje vya kijani kilichoiva au vyeusi vilivyonasa kwenye pindo la jani. Konokono na wenzao wasio na nyumba hula usiku na kuacha utepe wa ute unaong'aa asubuhi kabla jua halijaukausha. Yule kiwavi wa kwenye udongo tunayemwita sota hashughuliki na jani. Huukata mche kwenye shina usiku, ukaukuta umelala chini asubuhi. Fukua udongo kuzunguka mche huo kwa kina cha vidole viwili na huenda ukamkuta amejikunja.

Mchicha una mtafunaji wake anayejificha vizuri. Ni kiwavi mwembamba wa kijani anayeliunganisha jani kwa nyuzi laini, akalikunja, kisha akakaa humo akila. Ukiona majani ya mchicha yameshikana kama yameshonwa, usihangaike na matundu. Fungua mkunjo, mwenyewe yumo.

Lakini tundu pekee halitoshi kuwa ushahidi wa leo. Jani hukua, na tundu nalo hukua pamoja nalo. Kitobo cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti kwenye jani changa kinaweza kuwa pengo la kupitisha kidole jani likishakomaa, bila mdudu kuongeza hata mtafuno mmoja. Basi utazame ukingo. Ukingo wa juzi na jana ni wa kijani na laini. Ukingo wa zamani umekauka, una mstari wa kahawia kama kidonda kilichopona. Bustani yenye matundu mengi ya kahawia na majani machanga yaliyo mazima ni bustani iliyoliwa zamani. Dawa ya leo hapo ni pesa iliyomwagwa.

Kuna pia matundu yasiyo ya mdudu. Doa la ugonjwa likifa katikati huweza kudondoka na kuacha tundu, ila utaona limezungukwa na pete ya njano au kahawia. Upepo nao hulipasua jani kwa kufuata mishipa.

*Kwa kifupi: kipande kikikosekana, tafuta kinyesi, ute au nyuzi, kisha ukingo ukuambie ni lini.*

Waliochimba: njia inayosomeka kama nyayo

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo makosa ya gharama hufanyika.

Kuna inzi mdogo sana, urefu wake kama milimita 2, mweusi mwenye manjano. Jike lake hutoboa jani kwa ncha ya nyuma ya mwili, akalamba maji yanayotoka. Katika baadhi ya vitobo hivyo hutaga yai. Kwa hiyo dalili ya kwanza kabisa ni vidoa vyeupe vya duara vilivyotawanyika juu ya jani, kila kimoja kivyake, kana kwamba mtu amelichoma kwa ncha ya pini. Wengi huviona na kuvipuuza.

Yai likianguliwa, funza hutokea akiwa tayari ndani ya mto. Anaanza kula sufi huku akisonga mbele, na nyuma yake hubaki njia nyeupe iliyopindapinda. Ifuate kwa kidole. Mwanzo wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea, kisha hupanuka kidogokidogo, kwa sababu mwenye njia alikuwa anakua. Ncha nyembamba ndiko alikozaliwa, na ncha pana ndiko alikofikia.

Sasa liinue jani kwenye mwanga na uitazame ile ncha pana. Ukiona kitu cha manjano, urefu wa milimita 2 au 3, hakina miguu wala kichwa kinachoonekana, funza bado yumo. Ukiona mpasuko mdogo kama mwezi mwandamo na ndani hamna kitu, ameshatoka. Kwa kawaida huangukia udongoni na kujigeuza kipunje cha kahawia-manjano, na humo hutoka akiwa inzi. Njia tupu haitaziba kamwe. Itakaa pale mpaka jani lidondoke, ikimtisha mwenye bustani kwa kosa la wiki iliyopita.

Uchunguzi huu wa ncha pana hauchukui hata dakika moja, nao ndio unaotenganisha hatua mbili tofauti kabisa. Njia zikiwa na funza, kuchuma majani hayo kuna maana. Unawaondoa kabla hawajatoka. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani. Usiyatupe njiani wala kwenye lundo la mboji, kwa kuwa funza aliyekomaa humalizia safari yake hapohapo. Njia zikiwa tupu, kuchuma majani hakumwondoi yeyote.

Na kupulizia? Dawa nyingi za kugusa, yaani zile zinazoua mdudu pale tu zinapomlowanisha au anapozikanyaga, haziingii ndani ya foronya. Funza anaendelea kula. Wanaokufa ni nyigu wadogo sana, wengine wadogo kuliko inzi mwenyewe, ambao hutaga mayai yao kwa funza waliomo ndani ya njia na kuwaua. Ndiyo maana bustani inayopuliziwa kila wiki huweza kuwa na michoro mingi kuliko ya jirani asiyepulizia. Mkulima huona michoro imeongezeka, akaongeza dozi.

Kando ya Mbaka lipo jambo jingine. Dawa nyingi za viwavi na inzi zinazouzwa kwa matumizi ya mboga ni sumu kali mno kwa samaki, hata kwa kiasi kidogo. Bomba lililosuuziwa mtoni huelekea kwa usipa.

Kwenye nyanya, uliza mara mbili

Nyanya zina wachimbaji wawili, na kuwachanganya ni hasara. Wa kwanza ni funza wa inzi niliyemweleza. Wa pili ni kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alivuka hadi Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na mwaka 2014 alithibitishwa kuwepo Tanzania.

Njia ya inzi ni mstari. Ya kantangaze ni chumba. Anakula kwa kupanua pande zote, hata ukaona baka pana lililo wazi kama karatasi iliyopakwa mafuta, na kinyesi cheusi kimekusanyika upande mmoja wa baka. Mwenyewe ana kichwa cheusi kinachoonekana, ana miguu, rangi yake huanzia weupe-kijani na baadaye huwa na wekundu wa waridi, na akikomaa hufikia karibu milimita 8. Tofauti na funza wa inzi, anaweza kutoka kwenye chumba kimoja akaingia jani jingine, au shina, au tunda.

Hilo la tunda ndilo linalobadilisha uamuzi. Mche wa nyanya uliokomaa unaweza kubeba michoro ya inzi kwenye majani ya chini bila kupunguza mavuno ya maana. Kantangaze haachi tunda salama. Tazama chini ya kikonyo, pale tunda linaposhikana na tawi, kama kuna kitobo cha ncha ya sindano chenye unga mweusi mlangoni. Ukikiona, usisubiri wiki ijayo. Chuma majani yenye mabaka na matunda yaliyotobolewa, yafunge kwenye mfuko, na umwite bwana shamba akuelekeze dawa inayopenya ndani ya jani na namna ya kuibadilisha na nyingine, maana mdudu huyu huzoea haraka dawa ileile ikirudiwa.

Kyela kuna unyevu mwingi, na baka la kantangaze hufanana na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya nyanya. Watu wamepulizia dawa ya ukungu juu ya kiwavi, na wengine dawa ya kiwavi juu ya ukungu. Kipimo ni ukucha. Kwaruza ukingo wa baka: kama ngozi ya juu inainuka peke yake kama gamba la kitunguu na ndani kuna uwazi na kinyesi, ni mchimbaji. Kama vyote vimekufa pamoja na havitengani, ni ugonjwa. Asubuhi yenye umande unaweza hata kuona utando mweupe upande wa chini wa jani lenye bakajani.

Jambo moja zaidi kwa wakulima wa chainizi na kabichi. Kiwavi mdogo wa nondo wa kabichi huanza maisha kwa kuchimba ndani ya jani siku zake za kwanza. Baadaye hutoka, akala ngozi ya chini na nyama akiiacha ngozi ya juu, na jani likabaki na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Ukimgusa hujinyonganyonga kurudi nyuma na kujishusha kwa uzi. Kwa hiyo vidirisha kwenye chainizi vihesabu kama kazi ya mtafunaji: yuko nje, upande wa chini, na dawa ya viwavi, au mikono yako, inaweza kumfikia.

*Kwa kifupi: mstari unaopanuka ni inzi, chumba chenye kinyesi pembeni ni kantangaze, kidirisha cha upande wa chini ni kiwavi wa kabichi.*

Waliofyonza: hakuna kilichopotea

Geuza jani. Wafyonzaji wengi hukaa upande wa chini, wakijikinga na jua na mvua.

Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, hukusanyika kwenye ncha changa. Majike yao huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, ndiyo maana wachache wa Jumatatu huwa umati wiki ifuatayo. Jani hujikunja kuelekea chini na kukakamaa. Kwa kuwa hufyonza utomvu mwingi kuliko wanavyohitaji, hutoa maji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi ya jikoni. Sisimizi hupanda na kushuka kufuata utamu huo. Msururu wa sisimizi kwenye shina la bamia ni sababu tosha ya kugeuza majani yake. Vijiganda vyeupe utakavyokuta hapo si majivu wala si mdudu mwingine. Ni ngozi walizovua vidukari wakikua.

Inzi weupe hujitambulisha ukitikisa mmea, huruka kama unga uliopeperushwa. Kwenye nyanya hatari yao kubwa ni virusi wanavyobeba, vijidudu vya ugonjwa unaoudumaza mche na kuyakunja majani yake kuelekea juu na kuyatia unjano ukingoni, ule ambao wakulima huuita rasta. Mche uliokwisha kuugua hauponi hata ukiua kila inzi aliyepo. Ung'oe ukiwa mdogo.

Utitiri mwekundu hupenda miezi ya joto na ukavu kabla mvua hazijaanza. Jani huonekana kama limenyunyiziwa chumvi laini, vidoa vya njano-nyeupe maelfu, kisha hugeuka rangi ya shaba, na wakizidi utaona utando kama wa buibui. Hapa ndipo watu huchanganya na vitobo vya inzi mchimbaji. Vitobo vya inzi ni vikubwa kidogo, vya duara, vinahesabika, vipo juu ya jani. Vidoa vya utitiri havihesabiki, na chanzo chake kiko chini. Ukibaki na shaka, gonga jani juu ya karatasi nyeupe na usubiri kidogo. Vumbi halitembei. Nukta zikianza kutembea na ukizifinya zikaacha doa, umewapata. Utitiri una miguu minane, ni ndugu wa buibui, na dawa nyingi za wadudu haziuui. Baadhi huwaua wanaoula, ukabaki wenyewe na kuzidi.

Vithiripi, wadudu wembamba kama kipande cha uzi, hukwaruza kabla ya kunyonya, kwa hiyo huacha makovu ya rangi ya fedha yenye vinukta vyeusi vya kinyesi.

Bustani ya mfano

Chukulia bustani iliyo karibu na Ipinda, mwezi wa Septemba: matuta manne ya chainizi, mawili ya nyanya zinazoanza kutoa maua. Mwenye bustani anasema mboga zote zinaliwa. Tena jana jioni aliona mawingu ya vijidudu yakipanda kutoka ziwani kama moshi, na asubuhi akawakuta wamejaa juu ya majani.

Tuanze na hao. Ni kungu. Watoto wao huishi majini, na wakubwa wao hawana mdomo wa kutafuna jani. Wametua tu. Mdudu kukutwa juu ya jani si ushahidi kwamba ndiye aliyeliharibu.

Tunatembea kwa kupindapinda, mimea 10 kwenye chainizi na 10 kwenye nyanya, kila mmea jani moja la chini na moja la juu. Kwenye chainizi, majani ya chini ya mimea 8 yana matundu, yote ukingo wa kahawia. Majani ya juu ni mazima isipokuwa kwenye mimea 2 iliyo pembezoni, ambako kuna vidirisha na viwavi wadogo wa kijani chini yake. Kwenye nyanya, mimea 7 ina michoro inayopanuka katika majani ya chini. Tunaongeza majani mengine ya mimea hiyo hadi tupate 14 yenye michoro, tukayainua kwenye mwanga: 11 ni matupu, 3 yana funza. Hakuna baka lenye kinyesi pembeni, na matunda machache yaliyotangulia hayana vitobo. Mche mmoja umejikunja, una vidukari, una sisimizi.

Kazi inayobaki ni ndogo kuliko malalamiko. Viwavi wa ile mimea miwili wanaokotwa kwa mkono. Majani 3 yenye funza yanafungwa kwenye mfuko. Ncha yenye vidukari inakatwa, na mimea ya jirani yake inaoshwa kwa maji ya sabuni upande wa chini. Bomba halijatoka ghalani.

Kisha tunafunga uzi mwekundu kwenye mimea hiyo 20, chini kidogo ya jani changa kuliko yote. Vidonda vya jani haviponi, kwa hiyo majani ya chini ya uzi yatabaki mabaya vyovyote iwavyo na hayatatuambia lolote. Baada ya siku 5 au 6 tunarudi na kusoma kilicho juu ya uzi tu: tundu lenye ukingo wa kijani, vitobo vya pini, michoro myembamba inayoanza, ncha inayojikunja. Tunachokikuta huko juu ndicho tunachoandika kwenye daftari, na ndicho tunachokwenda nacho dukani, jani lenyewe likiwa mkononi.